Idi Imebisha Hodi: Uchambuzi wa Kisa cha Wimbo wa Sikukuu Uliotungwa kwa Ajili ya Mtaa Mzima

Usuli

Kisa hiki kilitokea mwaka 2025 katika mtaa mmoja wa mji wa pwani ya Tanzania. Jina la mji, la mtaa na majina ya wahusika wote yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili asitambulike mtu.

Mtaa huo una msikiti wa Ijumaa, makanisa mawili yenye kwaya zake, na barabara ya maduka ambako familia kadhaa za Kihindu zimefanya biashara kwa vizazi. Waislamu ndio wengi, ila si kwa kiasi cha kuwafanya wengine wageni. Madrasa ya mtaa ina kikundi cha kasida kinachojulikana kwa dufu zake, nacho ndicho huitwa katika maulidi na harusi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akishauriana na wazee, aliwaomba viongozi wa kikundi hicho watunge wimbo wa kuipokea Idi el Fitri ambao majirani wa imani zote wangeweza kuuimba pamoja barazani.

Mwaka huo ulikuwa na jambo lake. Jumatano ya Majivu iliangukia 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuandama, na Pasaka ilikuwa 20 Aprili. Waislamu walipokuwa wanamaliza saumu mwishoni mwa Machi, majirani zao Wakristo walikuwa bado katikati ya Kwaresima. Yaani wenyeji walikuwa wanafungua huku baadhi ya wageni wao wangali wamefunga. Hakuna aliyeliwazia hilo wakati kazi inaanza.

Niliitwa kama msomaji wa tungo, kazi ninayoifanya kwa vikundi vya kasida na vya taarabu, na nilikuwapo tangu rasimu ya kwanza hadi siku ya kuimbwa.

Rasimu ya kwanza na kibwagizo chake

Mtunzi alichagua shairi la mizani 16, yaani nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na nane za utao, nusu yake ya pili, lenye vina vya kati na vya mwisho, mistari mitatu ya kiongozi na mstari wa nne ukiwa kibwagizo cha watu wote. Uchaguzi huo ulikuwa mzuri, kwa sababu mtu asiyewahi kulisikia shairi lenyewe huhitaji kukariri mstari mmoja tu ili awe ndani ya wimbo. Kasoro ilikuwa katika mstari huo mmoja. Uliandikwa hivi:

Tumefunga tumefuzu, Idi twaishangilia.

Kwa sikio hauna dosari. Mizani imetimia, na takriri ya "tume" inakaa vizuri juu ya dufu. Lakini siku ya mazoezi ya kwanza, vijana wa kwaya walipoalikwa kuupokea, waliimba neno la Idi kwa nguvu na kulimeza lile la kwanza. Kiongozi wa dufu alidhani hawajaukariri. Mwalimu wa kwaya alipoulizwa alisema kwa upole kwamba wanaujua, ila wao hawakufunga Ramadhani, na hawawezi kusimama mbele ya watu wakadai saumu ya wenzao.

Mtunzi, kwa nia njema kabisa, alirudi na kibwagizo kingine:

Dini zote ni za Mungu, sote tunashangilia.

Huu ndio mstari uliokaribia kuivunja kazi yote. Ustadhi wa madrasa alikataa mara moja, na mzee wa kanisa alipousikia alikataa vilevile, kila mmoja kwa sababu zake za itikadi, ambazo kimsingi zilifanana: wimbo wa sikukuu ulikuwa umegeuka kuwa tamko la imani ambalo hakuna aliyeombwa kulitia saini. Familia za Kihindu hazikusema neno, lakini mmoja wao aliuliza, kama hayo ndiyo maneno ya wimbo, je, Idi yenyewe iko wapi ndani yake? Nililiona swali hilo kuwa zito kuliko mapingamizi yote mawili. Jirani alikuwa amealikwa katika sikukuu ya mwenziwe, naye alitaka kuiona sikukuu hiyo ikiwa na sura yake.

Uamuzi kuhusu nani aseme nini

Kikao kilichofuata kilikuwa cha watu wachache: mtunzi, ustadhi, mwalimu wa kwaya, mama mmoja anayewakilisha familia za barabara ya maduka, na mimi. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyefungua njia. Alisema kwamba wao hawachukizwi kuyasikia maneno ya Kiislamu yakiimbwa, kwani wanayasikia kila Ijumaa na katika kila harusi, na mengine wanayapenda. Kinachowapa taabu ni kutakiwa wayatamke kwa vinywa vyao wenyewe.

Kutokana na kauli hiyo tuliugawa wimbo kwa wasemaji badala ya kuupunguza. Mistari mitatu ya kila ubeti ikabaki kuwa ya waliofunga, wakaimba kama Waislamu bila kuficha chochote. Mstari wa nne ukawa wa mtaa. Mgawanyo huo ulimrudishia mtunzi uhuru ambao rasimu ya pili ilikuwa imemnyang'anya, naye akauandika ubeti wa kwanza upya hivi:

Mwezi mzima swaumu, kwa saburi na imani
Tumeituliza hamu, kwa amri ya Manani
Leo tunatabasamu, furaha tele moyoni
Idi imebisha hodi, jirani mlango wazi.

Katika rasimu ya awali ubeti huo ulianza kwa maneno "Siku thelathini zote". Ustadhi aliyaondoa kwa sababu mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na wimbo uliokwisha kukaririwa na watoto mia hauwezi kubadilishwa usiku wa mwandamo. Maneno "mwezi mzima" ni ya kweli kwa vyovyote vile.

Kibwagizo kipya kina sifa moja ambayo mtunzi mwenyewe hakuikusudia. Aliyefunga akiuimba anamkaribisha jirani. Jirani asiyefunga akiuimba anakiri kwamba sikukuu imefika mtaani na kwamba mlango wake naye uko wazi kwa watakaopita kumpa mkono wa Idi. Hakuna anayetamka jambo lisilo lake. Salamu za Mtume nazo, ambazo mmoja wa wajumbe wa kamati alipendekeza zifutwe ili "kurahisisha", zilibaki katika ubeti wa pili kwa sauti ya kikundi cha kasida peke yao: "Swala zake na salamu, zimfikie Mtume." Dufu hupungua hapo na wengine husikiliza.

Ustadhi aliweka sharti moja, kwamba takbira isitiwe ndani ya wimbo. Takbira za Idi huanza jua linapotua usiku wa mwandamo na kuendelea hadi swala ya Idi, nazo ni ibada yenye wakati wake. Kuzifanya mapambo ya wimbo wa barazani kungewaudhi watu wa msikitini na kungewachanganya watoto. Sharti hilo lilikubaliwa bila mjadala.

Ubeti wa chakula

Ubeti wa tatu ndio uliochukua muda mrefu kuliko yote, na ndio ninaopenda kuufundishia, kwa sababu makosa yake hayaonekani kwa mtu anayehesabu mizani. Ulifunguliwa hivi:

Pilau nyama ya ng'ombe, sahani imefurika
Fitiri ya majirani, nyumba zote yapeleka.

Mstari wa kwanza ulimfanya yule mama wa barabara ya maduka atabasamu na kunyamaza. Alipoombwa aseme alichokiona, alieleza kwamba kila mwaka jirani yake Mwislamu humletea tambi na kaimati kwenye sahani ya peke yake, kwa kuwa anajua nyumbani kwao hawali ng'ombe, na kwamba hata siku moja hakupata kumweleza; jirani aliliona mwenyewe na kulizingatia. Rasimu ilikuwa imeisahau adabu ambayo mtaa wenyewe ulikwisha kuwa nayo.

Mstari wa pili ulikuwa na kosa kubwa zaidi. Zaka ya fitri ni wajibu, pishi moja ya chakula cha kawaida cha mji kwa kila mtu wa nyumba, na inapasa itolewe kabla ya swala ya Idi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, hupewa maskini wa Kiislamu. Sahani ya vitamu anayopelekewa jirani ni zawadi, jambo jingine kabisa. Kuiita fitri kungekuwa kosa la kifiqhi kwa anayetoa, na kwa anayepokea kungekuwa kumhesabu katika mafungu ya wanaostahiki sadaka, ilhali yeye ni mtu mwenye nyumba yake anayekaribishwa kwa heshima. Mtunzi alikuwa amelitafuta neno la mizani mitatu, akalipata, na uhusiano wa majirani ukapinda kwa neno hilo moja.

Baada ya kulikataa, aliandika ubeti mpya wenye vina vya "ti" na "ka". Ukwapi wa mstari wa kwanza ulipata tambi na kaimati. Mstari wa pili ulisema "Sogea hapa uketi, ule hadi kuridhika", na hapo mwalimu wa kwaya akakumbusha kwamba baadhi ya waimbaji wake, kwa nadhiri zao za Kwaresima, hawangekula mchana huo. Kumwambia mtu aliyefunga ale hadi aridhike, tena kwa wimbo na mbele ya mtaa, si ukarimu, na Waislamu waliokuwapo walilielewa hilo upesi kuliko mtu yeyote, maana walikuwa wamefunga wakati huohuo wa kikao. Utao ukabadilishwa. Ubeti ukatimia hivi:

Tambi nazo kaimati, sahani imefurika
Sogea hapa uketi, au nyumbani peleka
Idi haina tiketi, awaye yote hufika
Idi imebisha hodi, jirani mlango wazi.

"Au nyumbani peleka" ni maneno ya kawaida ya mwenye nyumba anayemfungia mgeni chakula, na yaliutunza mlo wa mtu wa Kwaresima hadi jioni bila kumtaja. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo baada ya miaka michache Ramadhani itakuwa imeiacha Kwaresima na mgongano huu hautakuwapo. Mstari hautadhurika, utamfaa mgonjwa, mwenye haraka, na mama aliyewaacha watoto nyumbani.

Mazoezi

Hapa nitapita kwa haraka, isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni sauti. Kikundi cha kasida huimba kwa sauti moja yenye vionjo, ilhali kwaya hugawanya sauti nne, na walipokipokea kibwagizo kwa sauti nne kasi ilishuka na dufu zikawaacha nyuma. Ikaamuliwa wote waimbe kwa sauti moja, katika daraja ya chini kidogo ili watoto na wazee wafike. Kwaya ilipoteza uzuri wake wa besi na teno, na mwalimu wao alikubali kwa shingo upande.

La pili ni neno "mlango". Katika mizani lina silabi tatu, kwa kuwa "m" husimama peke yake na kupigiwa dufu yake. Waimbaji waliokulia bara waliliimba kwa mapigo mawili, na kila mara kibwagizo kikaisha pigo moja kabla ya wakati. Ukisikia makofi ya watu yanaanza kutawanyika mwishoni mwa mstari, sababu huwa ni silabi ya namna hiyo. Kiongozi wa dufu alilitibu kwa kuwafanya wafumbe midomo na kuguna "m" juu ya pigo zito kabla ya kuiachia "la", na baada ya jioni moja tatizo liliisha.

Siku yenyewe

Mpango ulikuwa kuuimba wimbo usiku wa mwandamo. Niliupinga, lakini si kwa nguvu ya kutosha kuubadili, na wajumbe wengi waliona kwamba furaha ya usiku ule haina mfano. Jioni ya siku ya 29 watu walikusanyika barazani baada ya Magharibi, kwaya zote mbili zikiwapo. Tangazo la mwezi halikutoka upesi. Wimbo unaosema kwamba Idi imebisha hodi hauwezi kuanzishwa kabla mwandamo haujatangazwa, kwa sababu ukianzishwa na mwezi usiandame, watu watakuwa wameimba sikukuu na kesho yake wafunge. Waislamu wakaenda kuswali Isha, watoto wakasinzia, na kwaya, ambao walikuwa na kazi asubuhi, wakaaga mmoja mmoja. Tangazo lilipofika baraza lilikuwa tupu, na spika za msikiti zilianza takbira, ambazo hakuna aliyetaka kushindana nazo.

Wimbo uliimbwa kesho yake baada ya Alasiri. Wakati huo ulikuwa mwafaka kwa sababu ambazo hazikuwa zimefikiriwa. Swala ilikwisha, fitri zilikwisha kutolewa, watoto walikuwa na nguo mpya na vijisenti vya mkono wa Idi, na nyumba chache za mtaa ambazo zilifuata mwandamo wa Makka na kusherehekea siku moja kabla zilikuwa katika Idi pili yao, hivyo hakuna aliyekuwa nje ya sikukuu. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa, wenye maduka nao walikuwapo. Kibwagizo kilipokelewa na watu kutoka pande zote za baraza, na kufikia ubeti wa tatu sahani zilikuwa zimeanza kutembea mikononi mwa wasichana, jambo ambalo halikupangwa na kamati.

Yaliyofaulu na yaliyoshindwa

Mgawanyo wa wasemaji ndio uliofaulu zaidi, nao unaweza kupimwa kwa jambo dogo: siku ya kwanza ya mazoezi nusu ya waimbaji waliyameza maneno ya mwanzo, na siku ya Idi kibwagizo kilitoka kizima. Mtunzi anayetaka kujua kama mstari wake ni wa watu wote awasikilize wanapouimba kwa mara ya kwanza, bila kuwauliza, kwa sababu jirani mwenye adabu atakuambia wimbo ni mzuri huku ulimi wake ukiuruka mstari.

Uamuzi wa wakati ulishindwa, na sababu yake ilijulikana mapema. Kamati iliupima usiku wa mwandamo kwa furaha yake na haikuupima kwa mashaka yake.

Upande wa akina mama pia haukukaa sawa. Wanawake wa mtaa ndio wanaobeba mapokezi ya Idi, wao ndio wapishi na ndio wanaopeleka sahani nyumba hadi nyumba, na baadhi yao ni waimbaji hodari. Kwa rai ya ustadhi hawakupewa ubeti mbele ya mkusanyiko wa wanaume na wanawake, wakabaki ukumbini wakishiriki kibwagizo na vigelegele. Waliuheshimu uamuzi huo, lakini wawili waliniambia kwamba ubeti wa chakula ulikuwa wao. Naona walisema haki. Ingewezekana kufanya kikao cha wanawake watupu ndani ya ua mmojawapo, na wanawake wa kwaya na wa barabara ya maduka wakaalikwa, na hapo wangeongoza beti zote bila kumkwaza yeyote.

Mfano ambao haukwenda mbali

Majuma machache baadaye, Pasaka ilipokaribia, vijana wa kwaya walitaka kuutumia mstari huohuo. "Pasaka imebisha hodi" ina mizani tisa, kwa hiyo wakaandika "Pasaka yabisha hodi, jirani mlango wazi", ambayo ukwapi wake una nane na inakaa juu ya dufu bila taabu. Waliwaalika wapigaji dufu wa madrasa.

Ustadhi aliwajibu kwamba vijana wake watakuja kuwatembelea na kula nao, lakini hawatauimba mstari huo wala kuupigia dufu, kwa kuwa kinachosherehekewa siku ya Pasaka ni jambo ambalo Uislamu haukiri. Baadhi ya vijana wa kwaya walivunjika moyo. Mwalimu wao hakukasirika. Aliwakumbusha kwamba siku ya Idi mzee mmoja wa kanisa lao naye alikaa kwenye mkeka tangu mwanzo hadi mwisho, akapiga makofi kwa kila ubeti na hakufungua kinywa kwa kibwagizo, na hakuna Mwislamu aliyemuuliza kwa nini. Jumapili ya Pasaka kwaya iliuimba wimbo wake kwa kayamba na ngoma, na vijana wanne wa kikundi cha kasida walifika baada ya ibada, wakakaa barazani na kula wali, wakiwa na kaimati walizotumwa na mama zao.